Alisamehe Mbele ya Wazee, Uchungu Ukarudi: Uchambuzi wa Kisa cha Wanandoa wa Lamu

Wahusika wa kisa hiki wamekubali kiandikwe. Kazi ya mume, mitaa na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa. Mke nimemwita Bi R na mume Bwana S. Mimi ni mshauri nasaha hapa Malindi, na ndiko walikonijia. Bi R alikataa katakata kuonana na mshauri kule kwao, kwa sababu Lamu ukiingia mlango wa mtu, kabla hujatoka mtaa mzima umeshajua ulifuata nini. Safari ya basi kutoka Mokowe, gati la bara ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, kupitia Witu na Garsen si ya kufanywa kila wiki, kwa hivyo tulikuwa tukionana mara moja kwa mwezi, na katikati tukizungumza kwa simu.

Usuli

Ndoa yao ilikuwa na miaka 14 na watoto watatu. Nyumba wanayokaa ni ya Bi R. Alipewa na wazazi wake alipoolewa, kama ilivyo desturi ya familia nyingi za Amu, yaani Lamu, ambako mume ndiye anayehamia kwa mke. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini. Wanawake wengi husema wamesamehe kwa kuwa hawana pa kwenda na watoto. Bi R angeweza kumwambia mumewe afungashe, naye akabaki kwake. Kwa hivyo akisema anakaa, anakaa kwa kutaka.

Bwana S husafirisha mizigo kwa boti kati ya Mokowe na kisiwani. Mpango wake wa kando ulikuwa Mokowe, na ulidumu miezi minane. Mkewe aliunusa kabla ya kuuona. Bi R huchanganya udi wake mwenyewe, na harufu ya nyumba yake anaijua hata gizani. Siku moja alichukua kofia ya mumewe kuifua, akakuta inanukia udi mwingine. Hakusema kitu. Siku chache baadaye simu ya mume iliachwa mezani, akasoma ujumbe wa M-Pesa: 1,500, 2,000, mara 3,000, kila Alhamisi, kwa jina lile lile la mwanamke.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Alipoulizwa, Bwana S alikana. Usiku ule ule akakiri, lakini alisema ni mara mbili tu. Wiki iliyofuata zile mara mbili zikawa mwezi. Baada ya mwezi ikajulikana kwamba mambo yalianza kabla ya Ramadhani, na kwamba mfungo mzima alikuwa akifuturu nyumbani na kutuma pesa Mokowe. Kila ukweli mpya ulipotoka, Bi R alirudi pale alipokuwa siku ya kwanza: halali usingizi, hali chakula, mikono inamtetemeka akimimina chai.

Familia ziliingia mapema. Mjomba wa Bi R na ami yake Bwana S walikaa nao kutafuta sulhu, na hilo lina msingi wake. Qurani katika Suratun Nisaa inaagiza kwamba wanandoa wakihofiwa kufarakana, ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Ila kikao chenyewe kilikwenda mbio. Bwana S alilia, akaomba radhi, akaapa. Mzee mmoja akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Macho yote yakamgeukia Bi R. Akasema, "Nimesamehe." Wakasoma Fatiha, wakanywa kahawa. Tangu afumanie zile pesa zilikuwa zimepita siku 12.

Pia kulikuwa na pendekezo lililomkata maini zaidi ya kosa lenyewe. Jamaa mmoja wa upande wa mume alisema kwamba kwa kuwa dini inaruhusu mke wa pili, na ndoa ya Kiislamu hapa Kenya inatambuliwa na sheria kuwa inaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja, basi jambo lihalalishwe, mambo yaishe. Jibu la Bi R nililipata kwake mwenyewe: "Angetaka kuoa angeniambia. Mke mwenza ninge­mjua jina. Huyu alifichwa, na mimi nikafichwa."

Wiki tatu baada ya ile Fatiha, wakiwa chumbani, simu ya Bwana S ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa pesa ya mizigo. Bi R alianza kulia, akatupa mto, akauliza maswali yale yale. Bwana S akasema maneno ambayo nimeyasikia katika nyumba nyingi: "Si ulisema umesamehe?" Asubuhi mama yake Bwana S alikuja kumwambia Bi R kwamba kusamehe kisha kusimanga ni kuharibu thawabu. Ndipo Bi R aliponipigia simu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama yeye ni mnafiki.

Maamuzi na sababu zake

*Kutoamua kwa miezi mitatu.* Bi R alikuja akitaka nimsaidie kuchagua siku hiyo hiyo, abaki au aondoke. Usiku alikuwa akitaka talaka, asubuhi akitaka mumewe. Nilimwambia kwamba hali ile inaeleweka: mwili wa mtu aliyesalitiwa hufanana na wa mtu aliyenusurika ajali. Hushtuka kwa sauti, huona picha asizozitaka, hukesha akichunguza. Maamuzi ya saa nane za usiku katika hali hiyo ni ya mshtuko. Tukakubaliana kwamba kwa miezi mitatu hakuna atakayetamka talaka wala atakayeidai.

Hilo la talaka lilikuwa na uzito wake. Bi R alikuwa amemwambia mumewe mara mbili, "Nipe yangu niende," akidhani talaka moja ingewapa nafasi ya kupoa kisha warudiane ndani ya eda. Huenda wangerudiana kweli, lakini ile moja ingebaki imehesabiwa, na zikitimia tatu hakuna kurejea kwa njia hiyo. Kwa kupoa inatosha kulala vyumba mbalimbali. Walifanya hivyo, Bwana S akihamia chumba cha juu.

*Vipimo.* Mwanamke huyu alikuwa amelala na mumewe miezi minane bila kujua kinachoendelea, na wazee wote walioketi nao hawakuligusa hilo. Wote wawili walipimwa virusi vya ukimwi na kaswende. Kipimo cha haraka cha ukimwi huweza kukosa maambukizi mapya, kwa hivyo walirudia baada ya miezi 3. Majibu yalikuwa mazuri mara zote mbili. Bi R alisema ile ya pili ilimpunguzia mzigo kuliko kiapo chochote.

*Ukweli mara moja.* Kinachomchosha mtu ni kupewa ukweli kwa mafungu. Nilimwomba Bi R aandike maswali yake yote. Yalijaza kurasa nne za daftari la shule. Tukayagawa. Yapo aliyohitaji kujibiwa kwa usalama wake: ilianza lini, imekwisha kweli, pesa kiasi gani, nani mwingine anajua. Yapo ya kutafuta maana: kwa nini, ulikuwa ukijiambia nini ukirudi nyumbani. Na yapo ya kitandani, ya mwili wa yule mwanamke, ya nani bora. Haya ya mwisho nilimwomba ayatie kwenye bahasha, ayaache mwezi mmoja, kisha aamue mwenyewe kama bado anayataka. Sikumkataza, maana ni haki yake. Lakini jibu la swali la namna hiyo halimtulizi mtu. Humpa picha kamili badala ya ile ya kubahatisha, na picha hiyo ndiyo inayorudi usiku. Bahasha ilipofunguliwa, alichana karibu yote.

Alibakisha moja: "Mliwahi kunicheka?"

Bwana S alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimwona akitafuta njia ya kutokea. Kisha akasema, "Ndiyo. Mara moja. Kuhusu wivu wako." Bi R alitoka nje, akakaa barazani, na sikuwa na uhakika kama angerudi ndani. Alirudi. Miezi baadaye aliniambia kwamba siku hiyo ndiyo aliyoanza kuyaamini majibu mengine ya mumewe, kwa sababu lile angeweza kulificha kwa urahisi kabisa na hakuna mtu angejua.

*Kukata mawasiliano kwa vitendo.* Bwana S aliandika ujumbe mfupi wa kumaliza mbele ya mkewe, bila kuomba radhi ndefu na bila kumlaumu yule mwanamke. Alhamisi akampa mwenzake zamu ya Mokowe, na akapoteza pato la siku hiyo. Simu iliachwa wazi. Sipendi simu kuwa wazi milele, maana mke hugeuka polisi wa nyumba yake, lakini kwa miezi ya mwanzo ni afadhali hivyo.

*Daftari la machungu.* Hili ndilo lililoamua kisa, nami nitalieleza kwa kirefu. Kila uchungu uliporudi, Bi R aliandika mambo manne: kilichouamsha, ukali wake kati ya 1 na 10, ulichukua muda gani, na mume alifanya nini. Alikuwa akiamini kwamba uchungu hauna mpango na hauna mwisho. Daftari lilisema vingine. Ulikuwa ukija Alhamisi jioni, saa boti za mwisho zinapofunga gatini. Ulikuja kwa mlio wa ujumbe, na kila aliponusa udi, hata wake mwenyewe, kiasi cha kwamba chetezo cha nyumba hiyo kilikaa kabatini miezi mitano. Mwezi wa kwanza wa kuandika, ukali ulikuwa 8 au 9 na ungeweza kula usiku mzima. Mwezi wa nne bado ulikuwa ukifika 8, lakini ulikwisha kwa saa moja, na siku za utulivu katikati ziliongezeka.

Kisha Shaabani ikaingia, na Bi R akaanguka tena kama siku ya kwanza. Alinipigia akasema, "Basi, sijasamehe, na sitaweza." Tulipoangalia kalenda tukaona kwamba mwaka uliotangulia, siku hizo ndizo mambo yalipoanza. Machungu ya namna hii ni kama bamvua: yana siku zake, na anayejua miandamo hashangai maji yakifika mlangoni. Tulijua Ramadhani itakuwa ngumu, kwa hivyo tuliipangia. Bwana S alifuturu nyumbani kila siku, simu akaizima magharibi hadi baada ya tarawehe, na yeye ndiye aliyekuwa akianza: "Najua leo ni siku gani."

Majuto ya mume, ya kwanza na ya pili

Tangu mwanzo hakuna aliyetilia shaka kwamba Bwana S anajuta. Lakini majuto yake ya mwanzo yalikuwa mzigo kwa mkewe. Bi R akilia, yeye alilia zaidi. Alijipiga kifua, akasema yeye ni mtu muovu, bora afe, watoto wapate baba mwingine. Bi R angefuta machozi yake aanze kumbembeleza. Daftari lilionyesha hili kwa herufi za mke mwenyewe: "Amelia. Nimemtuliza. Amelala. Mimi sijalala." Mtu wa nje angeona mume aliyevunjika kwa majuto. Niliyemwona mimi ni mtu aliyezama katika aibu yake, na mwenye aibu hujitazama yeye tu. Uchungu wa mke ulikuwa ukigeuzwa kuwa kesi ya mume.

Kilichombadilisha hakikuwa hoja zangu. Alikwenda kwa imamu wake akidhani ataambiwa kwamba toba yake imekwisha mpatanisha na Mola. Imamu akamkumbusha masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na pale palipoguswa haki ya mja, kumrudishia mwenyewe haki yake au kumtaka radhi. Akamwambia lile la nne halina kikao kimoja. Bwana S alirudi akaniuliza afanye nini hasa mkewe akianza kulia.

Tulifanya mazoezi. Abaki chumbani. Asijitetee. Ataje alichofanya kwa jina lake, asiseme "yale mambo". Aulize kama mke anataka aguswe au aachwe. Na aibu yake aipeleke kwa mtu mwingine: kwangu, kwa imamu, kwa rafiki mmoja anayemwamini. Mwezi wa tano daftari liliandikwa hivi: "Alhamisi. 7. Amekaa chini karibu na mlango. Amesema, nilikudanganya ukiwa umenipikia futari. Hakulia. Dakika 40."

Matokeo

Mwezi wa kumi wa ushauri wetu Bi R alitoa uamuzi wake. Aliutoa mchana, akiwa hajalia wiki nzima. Alisema anakaa, na anamsamehe. Akaeleza pia kusamehe huko maana yake nini kwake: hatolitumia kosa hili kama silaha katika ugomvi wa ada za shule au wa mama mkwe, na hatomlipizia. Hakuahidi kutolia. Hakuahidi kumwamini kuhusu pesa kama zamani, na hadi leo mapato ya boti huwekwa wazi mbele ya wote wawili. Akaweka sharti moja mbele ya mjomba na ami wale wale: mawasiliano na yule mwanamke yakirudi, hakuna sulhu ya pili. Atakwenda kwa Kadhi kudai kuachana, na wao wawili hawatamzuia.

Sasa ni mwaka na nusu tangu uamuzi huo. Wako pamoja, chumba kimoja. Uchungu bado humrudia, zaidi Shaabani, kwa ukali wa 4 au 5. Hahesabu tena.

Uchambuzi

Kosa kubwa katika kisa hiki, ukiacha lile la mume, lilikuwa ile sulhu ya siku ya 12. Wazee walikuwa na nia njema, lakini walidai msamaha kabla ukweli haujatoka. Bi R alisamehe kosa aliloambiwa ni la muda mfupi, kumbe lilikuwa la miezi minane. Msamaha ule haukuweza kufunika jambo lisilojulikana. Tena ulimpa mume hati ya kumnyamazishia mke. Sulhu ingefaa zaidi kama waamuzi wangetaka kwanza usalama na ukweli, wakaweka tarehe ya kukutana tena, na swali la kusamehe wakaliacha kwa mwenyewe.

Kilichofaa zaidi ni kutenganisha uamuzi na maumivu. Mtu anaweza kuamua leo kwamba halipizi na hasimangi, na bado kesho akaamka kifua kimebana. Uamuzi uko chini ya mamlaka yake, kifua hakiko. Wengi wanaokuja kwangu huuchukua kila uchungu unaorudi kuwa ushahidi kwamba hawajasamehe au kwamba ndoa imekufa. Mimi hutazama mambo mengine: je, muda wa kila uchungu unapungua, hata kama ukali haupungui? Je, unaeleweka umetoka wapi? Na mkosaji hufanya nini unapokuja? Kama baada ya miezi sita ya ukweli kamili muda haupungui, au unakuja bila sababu inayoonekana, mara nyingi kuna kitu bado kimefichwa, au aliyeumizwa ana jeraha la zamani lililoamshwa, na hapo anahitaji msaada wake peke yake. Kama muda unapungua lakini mume anazidi kukasirika kila unaporudi, shida si kumbukumbu ya mke.

Daftari lina hatari yake. Kwa watu wengine huwa kamba ya kujifungia, wakawa wanautafuta uchungu ili wauandike. Bi R niliona dalili hizo mwezi wa saba, alipoanza kuandika hata ndoto, tukakubaliana aliweke.

Kuna jambo lililoshindwa kabisa, na nalo ni binti yao mkubwa, aliyekuwa na miaka 12. Watu wazima wote walidhani hajui. Mwezi wa nane, alama zake za shule ziliposhuka na akawa hataki kukaa chumba kimoja na babake, shangazi yake alimuuliza. Kumbe yeye ndiye aliyeuona ujumbe wa kwanza, wiki kadhaa kabla ya mamake, alipokuwa akichezea simu ya babake, na akanyamaza kwa kuogopa kwamba akisema wataachana. Wazazi walimwambia, wote wawili pamoja, kwamba halikuwa jukumu lake kulinda siri ile. Babake alimwomba radhi kwa maneno ya kawaida, bila maelezo ya watu wazima. Binti alisikiliza, akaomba ruhusa ya kwenda madrasa. Na babake bado humsalimu kwa mbali. Katika kisa kingine ningeuliza habari za watoto kikao cha kwanza.

Haya yote yalifanyika ndani ya mazingira fulani, na nje yake hayafai. Mpango wa kando ulikuwa umekwisha kweli. Mume hakuwahi kumpiga mkewe wala kumtisha. Mke alikuwa na nyumba yake na jamaa waliokubali kusikiliza. Palipo na kipigo, vitisho, au mume anayelia leo na kupiga simu Mokowe kesho, daftari na miezi mitatu ya kusubiri vitamrefushia mke mateso tu. Huyo kwanza apate mahali salama pa kulala, na habari ya kusamehe ingoje.